Ya 21 au ya 42? Maneno niliyowaambia wakimbiaji kabla hawajachukua namba

Haya jamani, sogeeni mbele kidogo, nyinyi wa kule mlangoni ingieni ndani, tuko na nafasi. Assalam aleikum, hamjambo nyote. Sitachukua muda mrefu ila hili nataka lisikike vizuri kwa sababu kila mwaka watu wanakuja kwangu siku ya mbio saa tano asubuhi wamechoka wanalia, wananiambia bosi mbona hukutuambia. Basi leo naambia.

Nimeulizwa swali moja tu tangu jana, kwa simu, kwa meseji, hata hapo nje kwa muuza madafu: nikimbie ya kilomita 21 au ya 42? Na wengi wenu mwalinganisha kitu kimoja pekee, umbali. Mtu anasema mimi 21 nimeshaimaliza mara tatu sasa nataka 42, yaani kama vile 42 ni 21 mara mbili basi. Kwa ramani ni kweli, na hapa kwetu Mombasa ni kweli kabisa maana ya 42 ni kuzunguka njia ileile ya 21 mara mbili. Lakini mkiziweka hizi mbio mbili pembeni kwa pembeni, mkaangalia urefu, mkaangalia meza za maji na mkaangalia muda wa kufunga, mtaona ni siku mbili tofauti kabisa, na zote zinakimbiwa kwenye barabara moja.

Njia ni hii. Twaanza Mama Ngina, twapanda mjini, twashika Digo Road, twavuka daraja la Nyali, twashika Links Road, tunageuka kule Nyali kwenye kilomita kumi na nusu na kitu, kisha twarudi palepale tulipotoka. Wa 21 akirudi Mama Ngina kamaliza, anavaa medali, anakaa kivulini. Wa 42 akirudi Mama Ngina anapita kando ya mstari wa kumalizia, anasikia muziki, anaona wenzake wamelala kwenye nyasi na maji baridi, halafu anaambiwa geuka, rudi Nyali tena. Hilo ni jambo la kwanza la kupima na wala si la miguu. Kama unajijua wewe ni mtu wa kushawishika, jua kwamba sisi tutakupitisha mbele ya ushawishi kwenye kilomita ya 21. Na ukisimama hapo hupewi matokeo ya 21, maana ulianza na kundi jingine saa nyingine, utaandikwa hukumaliza.

Sasa urefu. Nusu marathoni ni kilomita 21.0975, marathoni ni 42.195, na hii ya 42.195 ilitoka kwenye Olimpiki ya London ya 1908 ikaja kuwekwa rasmi mwaka 1921. Njia yetu tumeipima kwa baiskeli yenye kile kidude cha kuhesabu mizunguko ya gurudumu, si kwa gari wala si kwa simu. Anayepima anafuata mstari mfupi kuliko yote ambao mkimbiaji anaweza kupita, anakata kona karibu kabisa na ukingo, sentimita 30 hivi kutoka kwenye ukingo wa barabara. Halafu juu yake tunaongeza mita moja kwa kila kilomita ili njia isije ikawa fupi hata kidogo, kwa hivyo ya 21 imeongezwa mita kama 21 na ya 42 mita kama 42. Ndo utaratibu wa dunia nzima, sikuutunga mimi.

Mbona nawaambia haya? Kwa sababu ya saa zenu za mkononi. Hakuna hata mmoja kati yenu atakayekimbia ule mstari mfupi. Utampita mtu kwa nje, utakwenda kwenye meza ya maji upande wa kushoto kisha urudi kulia, utakata kona kwa mbali kwa sababu mmesongamana, na kule mjini kwenye majengo GPS nayo yaruka ruka. Mwisho wa siku saa yako itasoma kitu kama 21.4 kwa nusu, na kwa nzima 42.7 au 42.8. Kwa wa 21 hii tofauti haina maana sana, ni dakika mbili tatu, na muda wa kufunga wa 21 una nafasi. Kwa wa 42 wa nyuma hii tofauti ndo inayomkosesha medali. Hesabu tuifanye pamoja. Umefungua saa yako, yakuonyesha mwendo wa wastani dakika 8 na sekunde 25 kwa kilomita. Unapiga hesabu kichwani, 8:25 mara 42.2, unapata masaa 5 na dakika 55, unajisemea nimefika kabla ya masaa 6, niko salama. Lakini ile 8:25 ni ya kilomita za saa yako, na saa yako itamaliza ikisoma 42.8. Zidisha tena, 8:25 mara 42.8, unapata masaa 6 na sekunde 14. Sekunde kumi na nne jamani. Umekimbia tangu alfajiri, halafu unafika mkeka wa mstarini, ule unaosoma chipu yako ya muda, umeshakunjwa. Kwa hivyo ukiwa wa 42 usiangalie wastani wa saa, angalia kibao chetu cha kilomita barabarani na saa ya ukutani, yaani saa ngapi sasa, basi.

Tuje kwenye muda wenyewe, na hapa naomba simu zishuke kidogo.

Ya 42 yaanza saa kumi na moja kamili alfajiri, na inafungwa saa tano asubuhi. Masaa 6.

Ya 21 yaanza saa kumi na mbili kamili asubuhi, na inafungwa saa tatu na nusu. Masaa 3 na nusu.

Ukizitazama hivi utaona wa 21 ndiye aliyependelewa. Masaa 6 kwa 42 ni dakika 8 na nusu na kidogo kwa kila kilomita, lakini masaa 3 na nusu kwa 21 ni karibu dakika 10 kwa kilomita. Dakika 10 kwa kilomita ni mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka kweli, kilomita 6 kwa saa. Na nasema karibu, kwa sababu ukitembea kilomita 6 kwa saa bila kusimama popote utafika kwa masaa 3 na dakika 31, umechelewa dakika moja. Kwa hivyo nyinyi mliojiandikisha ya 21 mkisema tutatembea tu, haitoshi, lazima mchanganye na kukimbia, tembea dakika mbili kimbia dakika moja hivi, na hapo utafika vizuri tu na utabaki na akiba ya kunywa maji na kupiga picha darajani.

Wengine mtauliza kwa nini tusiache barabara wazi mpaka adhuhuri kila mtu amalize kwa raha yake. Sababu ni lile daraja. Mtu wa Nyali, Kongowea, Bamburi, mpaka Mtwapa, akitaka kuingia kisiwani anapita pale. Matatu zote, ambulensi, mama anayekwenda kujifungua hospitali ya mjini, wote wanapita upande ule mmoja tuliowaachia. Tumepewa masaa, na yakiisha polisi wanaondoa koni na magari yanaingia, hata kama wewe uko katikati ya daraja. Naambia ukweli, siwezi kumwacha mtu aliyechoka, anayeyumba, akimbie katikati ya matatu. Ndo maana kuna baiskeli ya mwisho na nyuma yake kuna basi. Baiskeli ikikupita unaombwa upande basi. Ukikataa unaruhusiwa kwenda kando kwenye njia ya watembea kwa miguu kama mtu mwengine yeyote, ila hakuna meza ya maji tena na hakuna wa kukuhesabu.

Sasa ndani ya hayo masaa kuna vikomo vya njiani na hivi ndivyo watu hawavisomi. Wa 21 ana kimoja tu, pale tunapogeukia, kilomita kumi na nusu, uwe umefika saa mbili kasorobo. Hiyo ni nusu ya muda wako kwa nusu ya njia, rahisi kukumbuka. Wa 42 ana viwili. Cha kwanza ni Mama Ngina unapomaliza mzunguko wa kwanza, uwe umepita saa moja na dakika 50, yaani masaa 2 na dakika 50 tangu honi ya kuanzia. Cha pili ni kule kwenye kugeuka kwa mara ya pili, kilomita 31 na nusu hivi, uwe umefika saa tatu na dakika 20.

Mtu mmoja jana kaniambia mbona cha kwanza mmetubana, nusu ya masaa 6 si ni masaa 3, mmetuibia dakika 10. Hatujaiba, tumezihamisha. Ukigawa sawasawa masaa 3 na 3 unamwambia mtu kwamba mzunguko wa pili atakimbia sawa na wa kwanza, na kwa jua la Mombasa hilo halipo kwa mtu wa nyuma. Jua linachomoza saa kumi na mbili na kitu, kwa hivyo mzunguko wa kwanza kuna giza na kaubaridi kidogo cha bahari. Mzunguko wa pili ni saa mbili, saa tatu, saa nne, jua liko juu, unyevu uko palepale, jasho halikauki, linatiririka tu mpaka kwenye viatu. Kwa hivyo tumekuomba uwe mbele kidogo mapema, halafu tunakuachia. Kutoka kugeuka kwa pili mpaka mwisho ni kilomita kumi na nusu na tumekupa saa moja na dakika 40, hiyo ni kama dakika 9 na nusu kwa kilomita. Hapo hata ukitembea sehemu fulani utafika. Kikomo kimekaza mwanzo kimelegea mwisho, na kimewekwa hivyo kwa makusudi.

Jambo jingine, muda wote huu wahesabiwa tangu honi ilie, si tangu chipu yako ivuke mkeka. Matokeo yako tutaandika ya chipu, lakini barabara inafungwa kwa honi. Ukijipanga nyuma kabisa unaweza kupoteza dakika tatu kabla hujavuka mstari.

Na ndugu zangu Waislamu, hili nimelifikiria sana na nataka tulizungumze wazi. Wa 21 anaswali alfajiri yake nyumbani au msikitini kisha anakuja mbioni, hana tatizo. Wa 42 anaanza saa kumi na moja kamili, na adhana inaingia akiwa barabarani, na jua likichomoza wakati umepita. Kwa hivyo kwenye meza ya kwanza ya maji, kilomita mbili na nusu, tumetandika mikeka kando ya barabara, wanaume huku na kina mama huku, taa ipo. Chukua udhu kabla ya kuanza, swali, endelea. Lakini saa haisimami, kwa hivyo weka dakika 7 kwenye hesabu yako. Mwaka huu hatukuweza kusogeza mwanzo, kwa sababu kila dakika tunayochelewa kuanza inamchoma wa mwisho kwenye jua la saa nne.

Meza za maji sasa, na hapa ndo moyo wangu ulipo.

Sheria ya kimataifa ya mbio za barabarani zaidi ya kilomita 10 yasema meza kila kilomita 5 hivi, na maji au sponji katikati yake. Sisi tumeweka meza kamili kila kilomita mbili na nusu, na kwa sababu njia ni ya kwenda na kurudi, meza moja inakuhudumia mara mbili. Ziko kwenye 2.5, kwenye 5 kabla ya kupanda daraja upande wa kisiwani, kwenye 7.5 na kwenye 10. Kisha unageuka, unakutana na ileile ya 10 baada ya kama kilomita moja tu, halafu kila mbili na nusu mpaka Mama Ngina. Kwa hivyo wa 21 anapita meza mara 8. Wa 42 anapita mara 8, ya tisa ni pale Mama Ngina katikati, halafu 8 nyengine, jumla 17.

Kwa karatasi meza zimepangana sawa kwa kila mtu. Kwa mwili si hivyo, kwa sababu kiu haisomi kilomita, inasoma dakika. Kijana wa mbele anayekimbia dakika 3 na nusu kwa kilomita anapata maji kila baada ya dakika 9 hivi. Wa 21 anayekwenda dakika 7, kila baada ya dakika 17 au 18. Wa 42 wa nyuma, kwenye kilomita ya 35, ameshachoka anatembea dakika 10 kwa kilomita, meza zilezile sasa ziko dakika 25 mbali, na ndo saa ambayo jua ni kali kuliko yote. Yaani yule anayehitaji maji karibu ndiye anayeyapata mbali. Ndo maana kwa mzunguko wa pili tumeongeza watu wawili wenye madumu na sponji, mmoja upande wa Nyali wa daraja na mwengine katikati ya Links Road. Hawana juisi wala ndizi, ni maji tu na barafu. Ya 21 hawa hawahusiki, watakuwa wameshamaliza.

Nitawaambia kilichonifanya niwe mkali na haya. Kuna mbio nilikimbia miaka ya nyuma, sitaji za wapi, nikafika meza ya kilomita 33. Nilikuwa nimeiwaza ile meza tangu 30. Nikakuta vikombe vimetapakaa barabarani vimekanyagwa vimekuwa bapa, dumu limelala upande na mfuniko wazi, na kijana anakunja kitambaa cha meza. Akaniangalia kwa huruma akasema mzee yameisha, wa 21 wamejimwagia. Nikaokota kikombe kimoja kilichokuwa na tone chini nikalinywa. Haikuwa kosa la yule kijana. Aliyepanga alihesabu vichwa, hakuhesabu mapito. Mtu wa 42 kwenye njia ya mizunguko miwili anapita meza ileile mara nne, wa 21 mara mbili, na kila mmoja anachukua vikombe viwili, kimoja cha mdomo kimoja cha kichwa. Ukiwa na watu 100 wa 42 na 100 wa 21, meza moja yataka vikombe 1,200, yaani hapo lita 240, hujaongeza anayejimwagia tatu. Sisi tumehesabu mapito, na maji ya mzunguko wa pili yamefungwa kwenye madumu yenye utepe mwekundu, hayafunguliwi kabla ya saa mbili asubuhi hata mtu akilia.

Sasa kuna upande wa pili wa maji ambao wa 42 lazima aujue na wa 21 hauhusu sana. Mnaogopa kukosa maji, sawa, lakini mtu wa nyuma anaweza pia kunywa kupita kiasi, na hilo nalo laweza kuua. Kikombe chetu ni mililita 200. Wa 21 akinywa kikombe kimoja kila meza ni lita 1.6, akinywa viwili ni lita 3.2, si vizuri ila ni ndani ya masaa machache, anamaliza. Wa 42 akinywa kimoja kila meza ni lita 3.4, kwa masaa matano na nusu ni sawa kabisa. Akinywa viwili kila meza, kwa sababu kaambiwa joto kali usiache maji, ni lita 6.8. Hapo chumvi ya damu inashuka. Boston Marathon ya 2002 watafiti walipima damu za wakimbiaji 488 mwishoni, asilimia 13 walikutwa chumvi imeshuka, na waliokuwa hatarini zaidi ni walioongezeka uzito wakiwa mbioni na waliokaa barabarani zaidi ya masaa manne. Yaani mtu amekimbia 42 kamaliza akiwa mzito kuliko alivyoanza. Dalili zake zafanana na za kukosa maji, kichefuchefu, kichwa kuuma, kuchanganyikiwa, ndo maana watu wanazidi kumpa maji wakimdhuru. Ukiona pete imekubana, vidole vimevimba, tumbo lacheza maji na hata hamu ya kunywa huna, acha kunywa, mwambie mtu wa msalaba mwekundu. Kanuni yetu ni fupi: kikombe cha kwanza kinywe ukiwa na kiu, cha pili kichwani na shingoni.

Nimemaliza vipande, sasa niviunganishe kwa mtu mmoja. Kuna dada wa Tudor alinifuata jana, yupo hapa, kaniruhusu niseme. Mwaka jana alikimbia ya 21 hapahapa kwa masaa 2 na dakika 35, alimaliza akitabasamu. Sasa kajiandikisha 42. Tukakaa tukapiga hesabu pamoja nyuma ya risiti.

Mara mbili ya muda wake ni masaa 5 na dakika 10. Hakuna mtu anayekimbia 42 kwa mara mbili ya 21 yake, ongeza dakika 25 za kuchoka, tuko masaa 5 na dakika 35. Ongeza tatu za kuvuka mstari, saba za swala, na meza 17 kila moja sekunde 20 ni kama dakika 6. Jumla masaa 5 na dakika 51. Akafurahi, akasema si nafika. Nikamwambia ngoja, tazama kikomo cha kwanza. Mzunguko wa kwanza ukikimbia kwa utulivu utatumia kama masaa 2 na dakika 40. Weka zile tatu za mwanzo, saba za swala, tatu za meza. Masaa 2 na dakika 53. Kikomo ni 2 na dakika 50. Utasimamishwa Mama Ngina kwa kuchelewa dakika tatu. Na ukisema basi nitakaza, itabidi ukimbie mzunguko wa kwanza karibu na kasi yako bora ya maisha, halafu uanze mzunguko wa pili jua likiwa limeshapanda, miguu imeisha. Huyo ndiye anayepanda basi kwenye 31.

Akauliza, sasa niwe na muda gani? Nikamwambia 21 ya masaa 2 na dakika 25 au chini, na iwe ya hapa pwani kwenye joto hili, usiniletee ya mahali pa baridi. Kwa 2 na 25 hesabu ileile yakupeleka Mama Ngina kwa masaa 2 na dakika 43, una saba mkononi, na mwisho kwa masaa 5 na dakika 31, una nusu saa. Nusu saa hiyo ndo ya mkazo wa misuli na ya choo na ya lile jua. Chini ya hapo mimi binafsi siwezi kukuambia kimbia.

Kwa hivyo nitakavyopanga mimi kama mngekuwa wadogo zangu wa tumbo moja. Una 21 ya hapa chini ya 2 na 25, na umeshawahi kukaa mazoezini masaa matatu na zaidi mfululizo, nenda 42. Una 21 ya kati ya 2 na 25 na masaa 3, kimbia 21, na tumia mwaka huu kuipunguza, una akiba kubwa na utafurahia daraja. Una zaidi ya masaa 3 au hujawahi kabisa, 21 yakutosha na kikomo cha saa mbili kasorobo pale kwenye kugeuka ndo kitu cha pekee cha kukiweka kichwani. Na kama una sukari au presha, hata kama una kasi, angalia kwanza ule muda wa jua: wa 21 wa mwisho kabisa yuko juani masaa matatu na kidogo, wa 42 wa mwisho ni karibu masaa matano. Zungumza na daktari wako kwa hizo namba, si kwa kilomita.

Wa kutoka Likoni na Mtongwe, wa 42 panga feri mapema sana, msingoje ya saa kumi na nusu, mizigo tunafunga kupokea robo saa kabla ya honi.

Kubadilisha kutoka 42 kwenda 21 ni bure, meza ile ya kushoto chini ya feni, mpaka leo saa kumi jioni. Njoo na namba yako na chipu yako yote mawili, kwa sababu chipu ya 42 ukiivaa kwenye 21 mkeka hautakusoma. Dada wa Tudor ameshabadilisha asubuhi. Kutoka 21 kwenda 42 hatubadilishi tena. Haya, maswali, anzeni na mzee pale nyuma mwenye kofia.